Muhtasari wa mafanikio kwa ajili ya tuzo: andika kile ambacho rejista inaweza kukushuhudia

*Shikamoo mama. Mimi ni muuguzi mkunga katika kituo cha afya cha serikali hapa Tanzania, nafanya kliniki ya wajawazito na wodi ya wazazi. Nimependekezwa kwenye tuzo ya wauguzi na natakiwa niandike mwenyewe muhtasari wa mafanikio yangu, maneno yasiyozidi 500. Mwaka 2022 tulikuwa na vifo viwili vya akina mama, 2024 hakuna hata kimoja. Pia wajawazito wanaoanza kliniki kabla ya wiki 12 wameongezeka: walikuwa 74 kati ya 412, mwaka 2024 walikuwa 183 kati ya 436. Wenzangu wanasema niandike "nimetokomeza vifo vya uzazi kwa asilimia 100". Naona aibu kujisifu, lakini nikiandika kinyonge nitakosa. Niandikeje?*

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kupendekezwa.

Sentensi ya wenzako iache. Sikuambii hivyo kwa ajili ya aibu yako. Hilo ndilo dai lako dhaifu kuliko yote, japo ndilo linalosikika kubwa. Dai lako zito ni lile uliloligusia kwa haraka, la akina mama wanaoanza kliniki mapema. Nitakueleza sababu, kisha tuliandike pamoja.

Mjumbe wa kamati akisoma "asilimia 100" hujiuliza kwanza: asilimia 100 ya wangapi? Jibu ni wawili. Idadi ndogo namna hiyo hupanda na kushuka yenyewe. Kituo ambacho kwa wastani hupoteza akina mama wawili kwa mwaka kitapata mwaka usio na kifo takriban mara moja katika kila miaka saba, hata kama hakuna mtu aliyebadilisha chochote. Hiyo ni hesabu ya kawaida ya matukio machache, na kwenye kamati hakosi mtu anayeijua. Mwaka mmoja wenye vifo viwili na mwingine usio na kifo hautoshi kuonyesha kwamba hali imebadilika, sembuse kwamba wewe ndiye uliyeibadilisha.

Kisha litakuja suala la rufaa. Mama akitokwa na damu nyingi usiku, au kifafa cha mimba kikimshika, mnampeleka hospitali ya wilaya. Akifariki huko, kifo chake kinaandikwa huko. Kituo kinaweza kuwa na taarifa safi kabisa huku akina mama wake wanafia kwingine. Kama hujafuatilia wale wote mliowapa rufaa mwaka 2024 ukajua waliishia wapi, basi hiyo sifuri huwezi kuisimamia mbele ya watu.

Na ipo mikono mingine. Mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama ulianza kusambazwa nchi nzima mwaka 2022, yaani katika kipindi hichohicho unachokizungumzia. Huenda kituo chenu kilipata chumba cha upasuaji, au daktari mpya, au damu salama karibu zaidi. Na nchi yenyewe ilikuwa inashuka: utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukakadiria 104. Mtu anayezijua tarakimu hizo akikuta muuguzi mmoja amejitwalia kushuka kwa vifo, atayasoma na madai yake mengine yote kwa shaka. Hasara yenyewe iko hapo: sentensi moja iliyozidi inayanyang'anya heshima yale ya kweli yaliyoandikwa chini yake.

Hii haimaanishi kwamba kazi yako ya wodini si kitu. Kama una jambo ulilolifanya kule kwa mkono wako, mathalani ulipanga sanduku la dharura la mama anayetokwa na damu na ukalikagua kila zamu, liandike hilo kama lilivyo, bila kulifunga kwenye idadi ya vifo.

Sasa tuje kwenye kliniki. Hapa una watu zaidi ya mia nne kwa kila mwaka, kwa hiyo bahati peke yake haielezi mabadiliko. Tukio lenyewe linatokea mezani kwako, halitegemei hospitali ya wilaya. Na kila mama ana mstari wake kwenye kitabu cha MTUHA namba 6, umeandikwa siku aliyofika, kabla yeyote hajawaza tuzo. Ushahidi ulioandikwa kabla ya haja kujitokeza ndio wenye uzito kuliko wote, na wewe unao kabatini.

Lakini kabla hujaandika neno, upime kwanza ushahidi huo kama adui yako angeupima.

Kitabu cha 2022 ukifungue ukurasa kwa ukurasa, uangalie safu ya umri wa mimba. Hesabu mistari iliyoachwa wazi. Hili watu wengi hawalifanyi, na ndilo linalowaumbua. Tuseme kati ya wale 412 unakuta mistari 100 haina umri wa mimba, na wakati wa kujumlisha aliyejaza taarifa aliwahesabu wote kama waliochelewa. Hapo ulinganisho wako umepinda. Waliojulikana umri wa mimba ni 312, na 74 kati yao ni karibu asilimia 24, si 18. Kama mwaka 2024 mistari yote imejazwa, sehemu ya ongezeko lako imetokana na uandishi bora, haikutokana na akina mama kuwahi. Kutoka 24 hadi 42 bado ni hatua kubwa, na hakuna atakayekuja kukutoa hapo. Ukiandika 18 halafu mtu akafungua kitabu, umekwisha.

Angalia pia umri huo ulipatikanaje. Chini ya wiki 12 mfuko wa uzazi haujapanda kiasi cha kuushika vizuri tumboni, kwa hiyo mlitegemea tarehe ya hedhi ya mwisho. Kama katikati hapa mlipata mashine ya ultrasaundi mkaanza kuitumia kukadiria, kipimo kimebadilika na lazima useme hivyo.

Jambo lingine ni mwaka 2023, ambao umeuruka. Usiuruke. Msomaji akiona miaka miwili ya pembeni bila wa katikati, anahisi kuna kitu kimefichwa. Zaidi ya hapo, mwaka wa katikati ndio unaoweza kukupa ushahidi mzuri kuliko yote. Tafuta mwezi hasa ulioanzisha utaratibu mpya, kisha uhesabu miezi sita kabla na miezi sita baada yake. Kama waliowahi walianza kuongezeka mara baada ya mwezi huo, una hoja ambayo asilimia peke yake haiwezi kukupa. Na kama walikuwa wameshaanza kuongezeka tangu kabla, basi sababu nyingine ilikuwepo, na madai yako inabidi yapunguzwe. Ni afadhali ulione hilo wewe kwanza.

Jumla yako ya wajawazito wapya, 412 na 436, haijabadilika sana, na hiyo ni habari njema. Ingekuwa imeruka hadi 700, ningekuuliza kama zahanati ya jirani ilifungwa na wateja wake wakahamia kwenu, maana hapo tungekuwa tunalinganisha watu wa aina mbili.

Kuhusu namna ya kuandika tarakimu hizi, utakuta mtu wa kukushauri uandike "ongezeko la asilimia 147", kwa sababu 183 ni karibu mara mbili na nusu ya 74. Hesabu hiyo haina kosa, ila inamwacha msomaji akidhani mambo yamekwisha huko kwenu, wakati zaidi ya nusu ya akina mama bado wanachelewa. Weka idadi zenyewe: 74 kati ya 412, 183 kati ya 436. Kwenye mabano weka asilimia 18 na asilimia 42. Msomaji afanye hesabu yake mwenyewe, ataiamini zaidi.

Sasa hapa ndipo barua yako ina pengo. Umenieleza kilichobadilika, hukunieleza ulifanya nini. Maombi mengi ya tuzo niliyoyasoma yanaanguka hapo. Mtu anaandika "nimeboresha huduma kwa kushirikiana na wadau mbalimbali", na kamati inabaki haijui aliamka asubuhi akafanya nini. Nenda ukakumbuke: nani alitoa wazo, nani aliliidhinisha, lilianza lini, wewe ulishika kipande gani, wenzako walishika kipande gani.

Najua sisi tumelelewa kusema "tulifanya" hata pale mtu alipofanya peke yake, na ni adabu njema. Ila kwenye muhtasari wa tuzo "tulifanya" kila mahali inaficha kazi yako, na "nilifanya" kila mahali inaiba ya wenzako. Tumia zote mbili, kila moja mahali pake. Penye uamuzi wako, sema "nilipendekeza". Pa mganga mfawidhi, sema "aliidhinisha". Pa wahudumu wa afya ngazi ya jamii waliotembea kijijini juani, wataje kwamba wao ndio waliotembea. Kamati ikiona umegawa kazi kwa haki, inaamini na kile kipande ulichojiwekea.

Nikuandikie mfano. Kwa kuwa sijui ulichofanya, nachukua mambo yanayokwamisha akina mama kwenye vituo vingi vyetu: wajawazito wapya kupokelewa siku mbili tu kwa wiki, na mama aliyekuja bila mwenza kurudishwa nyumbani akamlete, au akalete barua ya mwenyekiti wa kijiji. Wewe utaweka ya kwako. Tarakimu nimetumia zako, kwa kudhani umeshakagua mistari iliyo wazi.

> Nipo kwenye kliniki ya wajawazito ya kituo hiki tangu 2021. Mwaka 2022, kati ya wajawazito 412 waliofika kwa mara ya kwanza, 74 (asilimia 18) walifika kabla ya wiki 12. Anayechelewa huchelewa pia kupimwa wingi wa damu, kaswende na VVU, na matibabu huanza wakati muda wa kumkinga mtoto umeshapungua.
>
> Januari 2023 nilipitia rejista na kuzungumza na akina mama waliochelewa. Walitaja zaidi mambo mawili: wapya walipokelewa siku mbili tu kwa wiki, na waliokuja bila mwenza walirudishwa. Nilipendekeza kwa mganga mfawidhi tupokee wapya siku zote tano za kazi, na anayekuja peke yake apimwe siku hiyohiyo huku mwenza akialikwa kwa hudhurio linalofuata. Aliidhinisha kwenye kikao cha watumishi cha Februari, na utaratibu ukaanza Machi 2023. Nilipanga upya zamu za kliniki ili meza ya wapya isikose mtu. Kila mwezi nilikutana na wahudumu wa afya ngazi ya jamii kupitia waliokuwa hawajafika. Kuwatembelea majumbani kulifanywa na wahudumu hao.
>
> Mwaka 2023 waliowahi walikuwa [idadi] kati ya [jumla]. Mwaka 2024 walikuwa 183 kati ya 436 (asilimia 42). Zaidi ya nusu bado wanachelewa, hasa wa vijiji vilivyo mbali na kituo. Chanzo cha idadi zote ni kitabu cha MTUHA namba 6. Muhtasari uliosainiwa na mganga mfawidhi umeambatishwa.

Hapo umetumia chini ya nusu ya maneno uliyopewa, na hakuna sentensi inayohitaji kutetewa. Angalia ile inayosema zaidi ya nusu bado wanachelewa. Watu huiogopa sentensi ya namna hiyo, wanadhani inawashusha. Kwa msomaji inafanya kazi tofauti: inamwambia kwamba aliyeandika anaijua kazi yake hadi mwisho wake, na kwamba hakuchagua mazuri tu. Sentensi moja inatosha. Ukiandika tatu, utakuwa unaomba radhi.

Maneno yaliyobaki usiyajaze orodha ya semina. Cheti cha mafunzo kinaonyesha ulihudhuria, na kamati inatafuta ulichofanya baada ya kurudi. Kama kuna jambo la pili lenye rejista yake na tarehe yake, liweke kwa ufupi. Kama halipo, wasilisha maneno 250 na ulale usingizi. Kikomo cha 500 ni dari, hakuna anayekudai uyafikishe. Yale ya "kwa kiasi kikubwa", "kwa weledi wa hali ya juu" na "kwa moyo wa kujitolea" yafute yote. Kamati ikishasoma ulichofanya itayasema yenyewe, na hapo hata ile aibu yako haina tena pa kukaa, kwa sababu hutakuwa umejipa sifa yoyote. Utakuwa umesema nini kilitokea.

Viambatisho navyo vina mtego, na huu nakuomba uuchukulie kwa uzito. Usipige picha kurasa za rejista ukaziambatisha. Kitabu namba 6 kina majina ya akina mama, vijiji vyao na majibu ya vipimo vyao, VVU ikiwemo. Nimewahi kuona maombi yaliyokuja na kurasa kama hizo, na mwombaji alidhani anaonyesha uwazi. Kamati makini inayaweka pembeni maombi hayo mara moja, na ni haki yake, maana siri ya mgonjwa imevunjwa ili mtu apate tuzo. Badala yake, tengeneza jedwali la idadi tupu: mwezi, wajawazito wapya, waliofika kabla ya wiki 12, ambao umri wa mimba haukuandikwa. Mpe mganga mfawidhi alilinganishe na kitabu, asaini na kugonga muhuri. Mwombe pia ruhusa ya kutumia takwimu za kituo nje ya kituo, kwa maandishi, hata kama ni mistari miwili.

Kisha muombe mratibu wa afya ya uzazi na mtoto wa wilaya akutolee idadi hizohizo kutoka DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Mara nyingi hazitalingana sawasawa na kitabu. Mwezi mmoja kitabu kinasema 17, mfumo unasema 19, kwa sababu mtu alijumlisha kwa haraka mwisho wa mwezi. Usishtuke, na usichague ile inayokupendeza. Rudia kuhesabu mwezi huo kwenye kitabu, tumia ya kitabu, na uandike chini ya jedwali kwamba chanzo ni rejista na kwamba miezi kadhaa inatofautiana kidogo na mfumo. Tofauti iliyotajwa na mwombaji ni maelezo. Ikigunduliwa na kamati inakuwa tuhuma.

Kwa upande wa matendo yako, tukifuata mfano ule, muhtasari wa kikao cha Februari na ratiba za zamu za kabla na baada ya Machi zinatosha. Kama uliliingiza jukumu hilo kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, chapisha ukurasa wake, kwa sababu una tarehe. Barua ya utambulisho ni afadhali iandikwe na mratibu wa wilaya kuliko na rafiki yako wa wodini. Mratibu anaona vituo vyote vya wilaya na anaweza kusema kama vituo vya jirani navyo vilipanda kipindi hicho. Muulize hilo kabla hujapeleka maombi. Wakiwa wamepanda wote kwa kiasi kilekile, bila utaratibu kama wako, basi ulichoanzisha hakikuleta tofauti uliyodhani, na sentensi yako ya matokeo iandikwe kwa unyenyekevu zaidi. Ninyi mkiwa mmepanda na wao wamebaki palepale, mwombe aliandike hilo kwenye barua yake. Linafaa litoke kalamuni mwake, si kwako.

Rasimu ikikamilika, wape kuisoma watu wawili kabla ya mtu mwingine yeyote: mkunga mwenzako wa kliniki na mhudumu mmoja wa ngazi ya jamii. Waulize swali moja tu: kuna kazi yenu humu niliyoiandika kama yangu? Wakisita kwenye sentensi yoyote, irekebishe hapohapo wakiwa wamekaa.

Na kile kitabu cha 2022, kama kimeshajaa na kupelekwa stoo, kitafute wiki hii. Baadhi ya kamati hutembelea vituo kabla ya kuamua, na huomba kukiona chenyewe.